Asilimia 47 haimwambii mjumbe wa bodi cha kuamua

Swali: Mimi ni ofisa ufuatiliaji na tathmini kwenye mradi wa afya ya mama na mtoto. Kila robo mwaka napeleka kwenye bodi majedwali ya viashiria, yana rangi za kijani, njano na nyekundu. Wajumbe wanatazama, wanauliza maswali mawili matatu, wanasema "tumepokea", basi. Mkurugenzi ameniambia niandike "matokeo ya maelezo" badala ya majedwali. Nikijaribu, najikuta nimeandika jedwali lile lile kwa maneno. Nifanyeje?

Jibu:

Ndugu yangu, nitakujibu kwa kiashiria kimoja tu, kwa sababu ukikiweza hiki vingine vitafuata njia ile ile. Nachukua wajawazito waliohudhuria kliniki mara nne au zaidi, kiashiria ambacho bila shaka unacho. Namba za mradi nitakazotumia nimezitunga kwa ajili ya somo. Mitego iliyomo ndani yake ni ya kweli, nimekutana nayo mara nyingi.

Tuseme mradi unasaidia vituo 12 katika halmashauri moja. Mstari wako wa jedwali unasomeka hivi: hali ya awali asilimia 41, lengo la mwaka asilimia 60, tulipofika asilimia 47, utekelezaji wa lengo asilimia 78, rangi ya njano. Chini yake nimeona maofisa wengi wakiandika hivi:

> Kiashiria cha mahudhurio manne kimeongezeka kutoka asilimia 41 hadi asilimia 47, sawa na asilimia 78 ya lengo. Changamoto ni pamoja na umbali, mila na uhaba wa watumishi. Mradi utaendelea kuhamasisha jamii.

Hili ndilo jedwali kwa maneno ulilolisema. Lina kasoro nyingi, lakini iliyo mbaya kuliko zote ni ile asilimia 78, kwa sababu inamtuliza mjumbe mahali asipopaswa kutulia. Imepatikana kwa kugawanya 47 kwa 60. Sasa gawanya hali ya awali, 41, kwa 60 hiyo hiyo. Unapata asilimia 68. Maana yake siku mradi unafungua ofisi, kabla hujanunua hata kalamu, ulikuwa tayari "umetekeleza" asilimia 68 ya lengo. Mliahidi kupanda pointi 19, kutoka 41 hadi 60, na mmepanda pointi 6. Hiyo ni chini kidogo ya theluthi moja ya safari. Mjumbe akisomewa "theluthi moja" atainua kichwa. Akisomewa "asilimia 78" atageuza ukurasa. Namba zote mbili ni sahihi kihesabu, ila ni moja tu inayojibu swali alilonalo mjumbe, yaani kama kazi inakwenda.

Kabla hujaandika sentensi yoyote, rudi kwenye rejesta. Nisikilize hapa, maana hapa ndipo ripoti nyingi zinapoharibikia. Asilimia uliyoitoa kwenye DHIS2, ule mfumo wa kompyuta wa takwimu za vituo vya afya, mara nyingi ni idadi ya hudhurio la nne katika robo hiyo, ikigawanywa ama kwa idadi ya hudhurio la kwanza katika robo hiyo hiyo, ama kwa makadirio ya wajawazito wanaotarajiwa katika eneo. Ukitumia njia ya kwanza unalinganisha wanawake tofauti: aliyefika hudhurio la nne mwezi wa tisa huenda alianza mwezi wa tatu. Wanaoanza wakiongezeka robo hii, asilimia yako itashuka hata kama hakuna aliyeacha kliniki. Ukitumia njia ya pili unategemea makadirio ya idadi ya watu. Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 44.9 Tanzania, ya 2022 ikahesabu milioni 61.7. Makadirio ya eneo lako yakibadilishwa kufuata sensa mpya, asilimia zitapanda au kushuka ghafla, na hakuna mama hata mmoja aliyebadilisha tabia. Kwa hiyo kwenye mchoro wenye mruko mkubwa wa ghafla katika vituo vyote kwa pamoja, shuku kwanza ile namba ya chini, yaani unayogawanyia.

Halafu kuna makosa ya kuhesabu. Niliwahi kukaa na muuguzi kwenye zahanati moja, rejesta iko mezani katikati yetu, tukahesabu upya mstari kwa mstari. Fomu ya mwezi ilisema hudhurio la nne ni 64. Rejesta ilitupa 41. Hakuwa amedanganya. Kila mama aliyerudi mara ya tano au ya sita alikuwa anamhesabu tena kwenye safu ya nne, kwa sababu hakujua pa kumweka. Wengi katika kazi yetu huchukulia tofauti ya hadi asilimia 10 kati ya fomu na rejesta kuwa inavumilika. Hapa fomu ilizidi rejesta kwa zaidi ya nusu. Kama ningeandika matokeo kwa namba ile, bodi ingeipongeza zahanati kwa kosa la kujaza fomu. Huhitaji kuhesabu vituo vyote 12. Chagua vitatu: kimoja kilichopanda sana, kimoja kilichoshuka, kimoja cha kawaida. Hesabu mwezi mmoja. Ukikuta hali kama ile, hoja ya kupeleka kwenye bodi robo hii ni ubora wa takwimu, na mambo mengine yasubiri.

Tuseme rejesta ziko sawa. Sasa fuata kundi moja la wanawake tangu mwanzo hadi mwisho. Chukua wote walioanza kliniki Januari hadi Machi katika vituo 12; ifikapo katikati ya Desemba karibu wote watakuwa wamejifungua, hata aliyeanza na mimba changa kabisa. Katika mfano wetu ni wanawake 600. Waliofika mara nne ni 282, ambayo ndiyo asilimia 47.

Hapo usiharakishe kuuliza "kwa nini ni 47?" Uliza kwanza "47 hii imeundwa na akina nani?" Wagawe kwa umri wa mimba siku waliyoanza. Tuseme 150 walianza kabla ya wiki ya 12, na kati yao 114 walifika mara nne, yaani asilimia 76. Waliobaki 450 walianza baadaye, na kati yao 168 ndio waliofika, yaani asilimia 37. Ukiliona pengo hilo, jedwali limeanza kusema. Waliowahi wanarudi. Tatizo ni kwamba ni mmoja tu kati ya wanne anayewahi.

Na sababu ya kihesabu iko wazi. Mama anayeanza wiki ya 26 akapangiwa kurudi kila baada ya wiki nne, tarehe zake ni wiki ya 26, 30, 34 na 38. Akikosa moja tu, kwa mvua, kwa msiba, kwa kukosa nauli, ya nne haipo tena. Aliyeanza wiki ya 10 anaweza kukosa mbili na bado akafika. Eleza jambo hili kwenye ripoti kwa sentensi mbili tu kama nilivyofanya hapa. Wajumbe wako huenda ni mhasibu mstaafu, mchungaji, mwanasheria. Hawahitaji somo la afya ya uzazi, ila wakielewa utaratibu huu hawatakubali tena maneno "umbali na mila".

Sasa tazama bajeti. Maofisa ufuatiliaji wengi hawaifungui, na hilo ni kosa kubwa, kwa sababu matokeo yanakuwa hoja ya bodi pale yanapogusa kitu ambacho bodi ina mamlaka nacho. Bodi haimwamrishi muuguzi. Bodi inahamisha fedha kati ya mafungu, inaidhinisha nafasi za kazi, inabadilisha malengo, inasimamisha shughuli, inamtuma mkurugenzi kwenda kuzungumza na mtu fulani. Basi. Kila unachoandika kifike kwenye mojawapo ya hayo. Tuseme ukifungua mpango kazi wa mwaka ujao unakuta fungu kubwa la shughuli za kliniki ni semina za kuwafundisha wauguzi namna ya kuwashauri wajawazito warudi tarehe waliyopangiwa. Unaona? Fedha zinakwenda kuwashikilia wanaoanza, wakati upungufu mkubwa uko kwa wanaochelewa kuanza. Jedwali la rangi lisingeonyesha hilo hata likichapishwa kwa wino wa dhahabu.

Kwa nini wanachelewa? Hapa ndipo mahojiano yanapoingia, na hapa pia ndipo unaweza kujipoteza. Tuseme mlizungumza na wanawake 24. Katika vituo vitatu walisimulia kwamba anayekuja hudhurio la kwanza bila mwenza anaambiwa akalete barua ya mwenyekiti wa kijiji au mtendaji. Jambo hili si geni. Watafiti wameliandika katika maeneo kadhaa ya Tanzania. Lilianzia kwenye nia njema ya kuwapima wenza wote Virusi vya UKIMWI, likageuka kizuizi kwa mwanamke ambaye mwenza wake yuko mgodini, ziwani au hamtambui. Ni simulizi nzito, na ukishaisikia mama mmoja akiieleza huku akikunja pembe ya khanga yake utataka iwe ndiyo kichwa cha ripoti.

Ipime kwanza. Katika vituo vile vitatu walianza wanawake 90, na waliowahi ni 9 tu, yaani asilimia 10. Katika vituo tisa vingine walianza 510, na waliowahi ni 141, karibu asilimia 28. Pengo ni kubwa kweli. Lakini fanya hesabu: kama vituo vitatu vingefanana na vile tisa, wangeongezeka wanawake 16 hivi wa kuwahi, na sehemu ya waliowahi katika mradi mzima ingetoka asilimia 25 hadi chini ya 28. Barua ni dhuluma na lazima ishughulikiwe, lakini hata ikiondolewa kesho, sehemu kubwa ya tatizo inabaki palepale. Kwa hiyo iandikie aya yake peke yake, na hatua yake peke yake. Usiifanye iwe maelezo ya asilimia 47.

Na wale wengine? Tuseme wanawake 15 kati ya 24 walisema hawakuwa na hakika kama ni mimba hadi mwezi wa nne, na hawakuwa na pa kupima bila kununua kipimo mjini. Iandike hivyohivyo, "15 kati ya 24". Usiandike "asilimia 63 ya wanawake", kwa sababu hao 24 hawakuchaguliwa ili wawakilishe wote, na asilimia itamfanya msomaji adhani walichaguliwa hivyo. Kanuni hiyo hiyo itumie kwa vituo vidogo. Zahanati yenye wajawazito 18, wakiongezeka watatu tu, inaruka takriban pointi 17. Mjumbe akiona ruko hilo bila idadi ataomba aletewe "siri ya mafanikio" ya zahanati ile, na siri yenyewe ni wanawake watatu. Popote unapoweka asilimia, weka idadi kando yake.

Sasa unaweza kuandika. Hivi ndivyo mimi ningeandika aya ya kwanza:

> Mwaka huu tumekwenda theluthi moja tu ya safari tuliyoahidi: kutoka asilimia 41 ya wajawazito waliofika kliniki mara nne hadi asilimia 47, wakati lengo ni 60. Sababu kubwa tunayoiona ni kuchelewa kuanza. Kati ya wanawake 600 tuliowafuatilia, walioanza kabla ya wiki ya 12 ni 150 tu. Kati ya hao, watatu katika kila wanne walifika mara nne; kwa waliochelewa ni chini ya wawili katika kila watano. Fungu la kliniki la mwaka ujao limeelekezwa kwenye semina za kuwahimiza wanawake warudi, wakati upungufu mkubwa uko kabla hawajaanza.

Sentensi ya mwisho ndiyo inayoitwa matokeo. Zile za juu yake ni ushahidi wake. Ukiitoa, bodi itasema "tumepokea" kama kawaida.

Aya ya pili iseme mna uhakika kiasi gani, kwa lugha ya kawaida. Sema rejesta za vituo vitatu zimehakikiwa na zinaaminika. Halafu kiri udhaifu mmoja ulio wa kweli: huenda wanawake wanaowahi wanatofautiana na wengine tangu mwanzo, labda wanakaa karibu na kituo au wamesoma zaidi, na hivyo aliyechelewa, hata akiwahishwa, hatakuwa na asilimia 76 yote ya wale waliowahi kwa hiari yao. Kiri hilo na uendelee. Usijaze ukurasa kwa tahadhari saba. Mjumbe atashindwa kujua ipi ni ya kumzuia asiamue na ipi ni ya adabu tu.

Aya ya tatu ndiyo ya kuamua, na hapa nakusihi uwe mkweli kuhusu lengo lenyewe. Piga hesabu: kama asilimia 76 na 37 zitabaki zilivyo, ili kufika 60 inabidi karibu asilimia 59 ya wanawake waanze mapema, kutoka 25. Kwa mwaka mmoja hilo siliamini. Mkifanikiwa kufika asilimia 40 wanaowahi, mtapata kama asilimia 53 ya mahudhurio manne, na huo ni ukadiriaji wa upande wa matumaini kwa sababu ya ule udhaifu nilioutaja. Mwambie mjumbe hivyo sasa. Akijua leo kwamba 60 haifikiki kwa njia hii, anaweza kuchagua kuongeza nguvu au kurekebisha lengo na kumweleza mfadhili mapema. Akijua Desemba, atatafuta wa kumlaumu.

> Bodi inaombwa kuamua mambo mawili. Kwanza, kuhamisha nusu ya fungu la semina kwenda kununua vipimo vya mimba na kuwalipa wahudumu wa afya ngazi ya jamii wavipeleke vijijini, kwa miezi sita, katika vituo sita, ili vile sita vingine vitupe pa kulinganishia. Pili, kumwelekeza mkurugenzi akutane na Mganga Mkuu wa Halmashauri kuhusu barua zinazodaiwa katika vituo vitatu, na kuleta majibu kwenye kikao kijacho. Fedha zisipohamishwa, tunatarajia mwakani tubaki karibu na asilimia 47.

Angalia ile sentensi ya "zisipohamishwa". Kutoamua nako kuna matokeo, na bodi ina haki ya kuyajua kwa maandishi. Angalia pia kwamba nimeomba nusu ya fungu, na nimebakiza vituo vya kulinganisha. Mimi mwenyewe nisingependekeza kufuta semina zote kwa ushahidi wa mwaka mmoja na mahojiano 24.

Nakutahadharisha na jambo moja linaloweza kukujia kwenye kikao. Mjumbe aliyesoma ataweka asilimia 47 yenu kando ya ile ya taifa. Utafiti wa afya na viashiria vya malaria wa 2022 ulikuta asilimia 65 ya wanawake Tanzania walihudhuria mara nne au zaidi, kutoka asilimia 51 katika ule wa 2015-16. Jibu lako liwe tayari: ule uliwauliza wanawake majumbani wasimulie ujauzito wao, ninyi mmefuatilia rejesta. Mama aliyehudhuria mara mbili kwenu na mara mbili kwa mama yake mkoa mwingine kwenye utafiti ataonekana amefika mara nne, kwenu ameonekana mara mbili. Kwa hiyo linganisha mwelekeo, yaani kupanda kwa taifa na kupanda kwenu, na usilinganishe namba kwa namba.

Utaniuliza, viashiria vingine 20 vilivyomo kwenye jedwali nivifanyeje? Kwa kila kimoja jiulize: kama namba hii ingekuwa juu kwa pointi 20, bodi ingeamua tofauti? Kama jibu ni hapana, kiache kwenye kiambatisho, na rangi zake zote. Kwa uzoefu wangu vitabaki vitatu au vinne vyenye hoja, na kila kimoja kinakaa kwenye ukurasa mmoja. Jedwali zima liwepo nyuma, kwa sababu kuna mjumbe atakayetaka kukagua 282 imetoka wapi, na akiikuta haraka ataziamini aya zako.

Siku mbili kabla ya kupeleka, mpe aya zako mtu wa ofisini asiyehusika na mradi, dereva au mtunza stoo, asome mara moja. Kisha zichukue, umwulize: "Wanatakiwa waamue nini?" Akikujibu kuhusu vipimo vya mimba na barua, peleka. Akikujibu "mahudhurio yameongezeka", rudi kwenye sentensi ya kwanza. Na kikao kijacho, ukurasa wako wa kwanza uanze na yale maamuzi mawili: fedha zimehamishwa au la, vipimo vimefika vituo vingapi kati ya sita, Mganga Mkuu amejibu nini.